Midomo Hufungwa Mara Moja

Mratibu wetu alikuwa na kauli moja ambayo hadi leo ikinijia nikiwa naosha vyombo, sahani hupata taabu mikononi mwangu. Alisema, "Mwalimu, matamshi ni vigumu kuyafundisha kama na wewe Kiswahili umekikuta shuleni." Alisema kwa upole, amekaa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu. Nilimwongezea chai, maana nimelelewa, lakini sukari sikumwongezea.

Ni kweli nilikikuta shuleni. Nyumbani tulisema Kinyiha, sokoni tukachanganya, na Kiswahili tukakivaa pamoja na sare. Lakini nimekifundisha maisha yangu yote, kwanza darasa la kwanza katika shule ya msingi, kisha, nilipostaafu, nikawapokea wageni waliokuja kufanya kazi hospitalini na mashuleni huku kwetu. Shirika lililowaleta lilikuwa na ofisi yake Dar es Salaam. Lilipanga chumba cha mbele cha nyumba yetu, si mbali na Mbozi Mission, likaweka ubao na meza, na kila mara mratibu akaja kuangalia kama tunafundisha inavyotakiwa. Yeye alizaliwa pwani na hakuacha jambo hilo lisahaulike.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na mwanafunzi mmoja tu. Alikuwa mkunga, mama wa makamo kutoka nchi ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyokwisha kupokea watoto wengi kwao. Alikuwa anasubiriwa zahanati moja upande wa Msangano, kule chini bondeni, ambako wanawake wa wafugaji hutoka mbali kuja kujifungua. Majirani walimwita sista. Mimi aliniita mwalimu, na mama mkwe wangu, niliyekuwa naishi naye, mkunga alimwita mama tu, kama tulivyomwita sote.

Vitenzi alivishika upesi. Ngeli alizimeza kama dawa, anakunja uso lakini zinashuka. Kilichomshinda kilikuwa mdomoni. Mbuzi aliita embuzi. Ndugu aliita enidugu. Tumbo, neno ambalo mkunga atalitamka kutwa nzima, alilikata katikati: tum, akapumzika, halafu bo, kama mtu anayevuka mfereji. Mratibu alimsikiliza asubuhi moja, akanitoa nje, akaniambia waziwazi.

"Mtihani wake nitakuja kuusimamia mwenyewe. Akishindwa, tutamtafutia kazi ya ofisini, ya makaratasi. Na hili darasa tutalihamishia pwani, kwa wenye lugha."

Kwa wenye lugha! Nilisimama uani nikatazama mibuni yetu, nikajiuliza sisi tulikuwa tunaongea nini miaka yote hii. Mtu anakuja mkoa wa Songwe, anashuka Tunduma, anapita wilaya za Momba na Mbozi, akipenda anapanda hadi Mbebe kule Ileje, halafu anatuambia kwamba sauti hizi hatuna. Majina yenyewe ya kwetu yamejaa sauti hizo. Tumezaliwa nazo. Nilikasirika, na sioni sababu ya kusema sikukasirika. Nikaapa kwamba huyu mkunga atasema tumbo kwa mdomo mmoja, na atalisemea hapahapa.

Jambo lenyewe si la uchawi. Funga midomo kama mtu anayetaka kusema b. Usiifungue. Pitisha sauti puani kidogo tu, halafu achia. Midomo imefungwa mara moja na imefunguliwa mara moja, na m na b zimetoka pamoja. Kwenye nd ni ncha ya ulimi inayokaa kwenye ufizi, nyuma ya meno ya juu, na haibanduki mpaka d itoke. Kwenye ng, kama ya ngoma, ni nyuma ya ulimi inayogusa juu, karibu na koo. Mahali ni pamoja, mguso ni mmoja. Mgeni husikia sauti mbili kwa sababu kwenye maandishi ameona herufi mbili, na yeye huzifungulia mlango kila moja kivyake, au hutanguliza irabu ya kuzisukuma.

Nilimwambia ajibane pua aseme mbuzi. Akatoa buzi, akacheka mwenyewe. "Basi pua inafanya kazi," akasema. Nikamjibu kwamba inafanya kazi, ila kwa kifupi, kisha inakabidhi.

Tulianza na maneno ambayo irabu imetangulia, maana hayo ni mepesi. Kambi, kambi, kambi. Kisha ka unaisema moyoni, na mbi ndiyo unayoitoa. Alikuwa anafika karibu, anateleza, anarudi. Nikampeleka Tunduma kununua vitenge, nikitaka asikie watu wakiongea bila kumhurumia. Pale sokoni mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa akiwasimulia wenzake kwa Kibemba habari za mbuzi wake, na kila mara alisema imbushi, imbushi. Mkunga akanishika mkono, macho yamemtoka.

"Mwalimu, yeye anasema kama mimi! Anaanza na i!"

Anaanza na i, ndiyo, lakini hiyo i ni ya lugha yake, na baada ya i ile midomo yake ilifungwa mara moja tu. Nikamwambia aishike hivyohivyo, imbuzi, imbuzi, tuipate mb iliyo safi kwanza, na i tutaikata baadaye. Nilidhani nimefanya la maana, na nusu nilifanya, kwa sababu mb ilitoka vizuri sana. Tatizo ni kwamba aliipenda ile i kuliko nilivyotaka. Ikawa imbuzi, indugu, ingoma, na hata alipoiuma midomo ili isitoke, ilitoka.

Nikabadili. Wanawake wa kwetu wakisimuliwa jambo huitikia mm, midomo imefungwa, msimuliaji ajue hajalala mtu. Nikamwambia aitikie hivyo, kisha apasue: mm, buzi. I ikafa siku hiyohiyo. Lakini sasa m ikawa ndefu kama reli, ikajitwalia nafasi yake peke yake: m-buzi, m-boga, n-dizi. Ukimsikiliza ungedhani mbuzi ni mtu mwenye cheo, kama mbunge, ambaye m yake kweli inasimama peke yake. Nilimweleza tofauti hiyo kwa mdomo, nikaieleza kwa chaki, nikaipigia makofi. Yeye alinitikisia kichwa kwa adabu. Siku hiyo nilienda jikoni nikakaa kwenye kigoda na chaki bado mkononi, na mama mkwe akajua.

Mama mkwe wangu alikuwa mwalimu pia, wa elimu ya watu wazima, enzi ambazo watu walijifunza kusoma chini ya paa la nyasi na wengine wana watoto migongoni. Alikuwa ametusikia kupitia ukutani tangu mwanzo na hakuwa ameingilia, jambo ambalo kwa mama mkwe ni heshima kubwa.

"Mlete hapa atwange," akasema. "Unamfundisha amekaa. Nani alijifunza kusema amekaa?"

"Mama, anajifunza matamshi, si mapishi."

"Mlete mwanangu. Karanga zipo."

Nikamleta. Mama akampa mchi, akachukua wa kwake, wakasimama wanatazamana, kinu kimoja katikati. Kutwanga kwa kupokezana kuna sheria ambayo haihitaji kuandikwa: wa kwako unaposhuka, wa mwenzio unapanda, na ukikosea zamu michi inagongana na vidole vyako vinapata habari. Wakatwanga kimya mpaka mkono wa mgeni ukazoea. Kisha mama akaweka masharti. Anayesema neno ndiye anayeanza, na kila silabi ina pigo lake, pigo langu, pigo lako.

"Baba," akasema mama. Ba, akapiga yeye. Ba, akapiga mkunga. Ikaenda. "Mtu." M, akapiga mama, tu, akapiga mkunga. Hapo m ina pigo lake, hakuna ugomvi. "Mbuzi." Mama akapiga mara moja tu: mbu. Mkunga, aliyekuwa amengoja m ipite na pigo lake, akachelewa zamu, mchi wa mama ukaushukia wa kwake, karanga zikaruka hadi kwenye sketi yake.

Alisimama akitazama ndani ya kinu. Nakumbuka uso wake. Niliyoyasema kwa wiki nzima yalikuwa yamemfika kwa kiwiko.

"M haina zamu," akasema polepole.

"Haina," akasema mama. "Imebebwa mgongoni na b. Mtoto akibebwa hahesabiwi nauli."

Tangu siku hiyo tulifundisha uani. Tu-mbo, pigo na pigo. Hakukuwa na mfereji tena wa kuvuka. Mi-mba. Ko-ndo. U-chu-ngu, mapigo matatu, la mwisho linarudi kwa aliyeanza. Si-nda-no. Tulipofika kwenye mbwa akapiga pigo moja, mama akatikisa kichwa: neno fupi kama mbwa au nchi lina mambo yake, pua inapewa pigo lake, m-bwa, n-chi, kwa sababu bila hivyo neno halina pa kuwekea mkazo. Mkunga alilalamika kwamba sheria gani hii inayobadilika. Mama akamwambia hata watoto wa tumbo moja hawafanani. Watu waliopita njiani walisimama kumtazama mzungu anatwanga huku anataja mbuzi na sindano, na wengine wakaitikia mapigo kwa sauti kutoka barabarani. Wanakijiji wote walikula mboga ya karanga kwa muda mrefu.

Neno moja tu lilikataa. Lilikuwa Mbozi. Alilijifunza kwao, kwenye ramani, kabla hajamsikia mtu yeyote akilitamka. Alikuwa amelizoea kwenye simu na wenzake, na walipomuuliza anakwenda wapi jibu lilikuwa Emubozi. Mbuzi alisema vizuri, mboga vizuri, mboni vizuri, na mbele ya Mbozi mdomo unarudi ulikotoka. Niliacha kumsumbua. Nilijiambia kwamba neno hilo halimo kwenye orodha ya mtihani, na nilijiambia pia kwamba haliniumi. La pili lilikuwa uongo.

Mratibu alikuja siku ya baridi, ukungu umeishukia mibuni. Akaweka simu mezani kurekodi, akaniruhusu kukaa pembeni kwa masharti ya kunyamaza. Mkunga alivaa gauni la kanisani. Akaanza kusoma maneno, na neno la kwanza tu lenye mb likatoka na i yake ya Tunduma, ileile, kama mgeni aliyefukuzwa mlangoni akapitia dirishani.

"Hii i imetoka wapi?" Mratibu alinitazama mimi, si yeye. "Hiki ni Kiswahili cha mpakani."

Masikio ya mkunga yakawa mekundu. Kisha nikaona ngumi yake ya kulia imeanza kushuka na kupanda juu ya goti, taratibu, chini ya meza. Akasoma tena. Mbuzi. Ndizi. Tumbo. Yakatoka safi, moja baada ya jingine, na mimi nikashika ukingo wa kiti.

"Mikono mezani tafadhali," akasema mratibu. "Tunapima sauti, hatupimi ngoma."

"Mkono ni wake," nikasema.

"Mwalimu, tulikubaliana."

"Tulikubaliana ninyamaze. Hatukukubaliana umfunge kamba. Wewe mwenyewe ukiongea vidole vyako vinahesabu, vitazame."

Alivitazama kwa kweli, na vilikuwa vinahesabu. Hilo ndilo lililoniponza. Akaniomba nitoke nje, na safari hii hakuwa na upole wowote. Nikatoka. Nilikuwa na hasira ya mtu mzima anayetolewa kwenye chumba cha nyumba yake mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa uani, anapepeta karanga za mchana. Alikuwa amesikia kila kitu, ukuta ni uleule. Akazimimina kwenye kinu, akakitikisa kidogo, kisha akakikumbatia na kukikokota hadi chini ya dirisha la darasa, akanipa mchi.

Tukatwanga. Tulitwanga kama watu wenye wageni wa chakula cha mchana, na wageni wa chakula cha mchana tulikuwa nao. Pigo langu, pigo lake. Ndani nikasikia sauti ya mkunga inatafuta mguu, inaupata, inatembea. Si-nda-no. U-chu-ngu. Nyu-mba. Dirisha likafunguliwa, kichwa cha mratibu kikatokea.

"Mwalimu, mnafanya nini?"

"Tunapika mboga."

"Mnaingilia mtihani."

Mama mkwe akapumzisha mchi wake, akamtazama juu kwa heshima zote. "Baba, karanga hazijui kwamba kuna mtihani. Wewe utakula nini?"

Mratibu alikuwa na haki yake, nami sitamnyima hapa: alituomba tuache mpaka amalize, na tukaacha. Akafunga dirisha, lakini lile dirisha halijawahi kufunga vizuri tangu lijengwe. Tukabaki tumesimama, michi mikononi, tunasikiliza kama watu walio nje ya chumba cha uzazi.

Mkunga alikuwa peke yake sasa, bila goti wala kinu. Akaambiwa amweleze mama mjamzito dalili za hatari. Nilimsikia akivuta pumzi. Akaanza polepole, na sauti ikawa nzito, sauti ya kazi ambayo sikuwahi kuisikia darasani. Tumbo likiuma sana, njoo. Ukitoka damu nyingi, njoo, usingoje. Kichwa kikigonga, macho yakiona giza, mwambie mama mkwe wako, mwambie ndugu yako, njooni. Hapo mama akanigusa kiwiko, maana ametajwa. Mkunga aliteleza mara moja, kwenye neno ndani, akarudi akalisema upya bila kuomba radhi. Aliongea na mwanamke ambaye hakuwapo, akamsahau mratibu kabisa, na mimi nikajikuta natokwa na machozi kwenye ukungu kama mjinga.

Kisha mratibu akasema, "Mwisho, kwa ajili ya kumbukumbu. Umejifunza Kiswahili wapi?"

Nilifumba macho. Hili halikuwa kwenye orodha. Jibu alilotegemea lilikuwa jina la shirika, na mkunga alilijua jina hilo, angelitaja likapita salama. Lakini hakulitaja. Nilijua anachotaka kusema na nilitamani asijaribu.

"Mbozi," akasema.

Midomo ilifungwa mara moja na ikafunguliwa mara moja. Hakukuwa na e, hakukuwa na i. Akarudia, kwa sauti ya juu, akiuelekea upande wa dirisha, nadhani kwa makusudi: "Nimejifunza Mbozi."

Mratibu alitoka baadaye kidogo, amekunja karatasi zake. Akasema mkunga amefaulu, ataripoti Msangano baada ya sikukuu. Akasema darasa libaki lilipo kwa sasa. Akaongeza, bila kunitazama usoni, kwamba kwenye taarifa yake hatajua kinu akiandike wapi.

"Kiandike mahali pa mwalimu," nikamwambia. "Na andika kwamba Kiswahili nilikikuta shuleni. Shule yenyewe iko palepale, nyuma ya miti ile, nikuoneshe?"

Hakuangalia miti. Nikamkaribisha chakula, akakaa, nikampa chai na bakuli zima la sukari ajiwekee mwenyewe. Nje mama mkwe alikuwa amebaki na karanga ambazo hazijalainika. Mkunga akamfuata na gauni lake la kanisani, akauchukua mchi wangu niliouegemeza ukutani. Kupitia dirisha lisilofungwa tukayasikia mapigo mawili, la mgeni na la mama, kisha tena mawili, Mbo-zi, neno lilelile. Mratibu akaacha kukoroga chai.